Suti mbili za Kibuye: kwa nini ile ya 1,200 ndiyo ilikuwa ghali

Mwalimu mmoja wa sekondari wa Kisumu alitaka suti ya kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake huko Bungoma. Alikuwa na shilingi 3,000, na humo humo ilipaswa kutoka pesa ya fundi. Jumapili, siku ambayo soko la Kibuye hujaa mpaka watu wanapita kwa kubanana, alipata suti mbili za mitumba kwa muuzaji mmoja, akabaki amezishika, hii mkono wa kulia na hii wa kushoto.

Ya kwanza ilikuwa ya kijivu cha mkaa, namba 44, yaani ya mtu wa kifua cha inchi 44. Sufu safi, bitana bado inang'aa, hakuna tundu la nondo wala kola iliyochakaa. Bei ilikuwa shilingi 1,200. Ya pili ilikuwa nevi bluu, namba 40, kitambaa cha kawaida cha sufu iliyochanganywa na polista. Hiyo iliitishwa 1,800 na haikushuka, kwa sababu namba 40 ndiyo inayoulizwa na kila mtu.

"Mwalimu, beba hiyo kubwa," muuzaji akamwambia. "Kubwa fundi atapunguza. Ndogo ndiyo haina dawa."

Maneno hayo husikika sokoni kila siku, na yana ukweli nusu. Ni kweli kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Lakini si kila mahali pa nguo panapungua kwa bei moja, na kuna mahali ambapo kupunguza inchi moja kunagharimu kuliko nguo yenyewe. Mwalimu hakununua siku hiyo hiyo. Aliacha amana, akamwita fundi wake aje azione zote mbili akiwa na tepu mkononi. Hesabu iliyofanyika hapo ndiyo tunayoichambua.

Vipimo vya mwili, kisha vya nguo

Fundi alianza na mwili. Mabega, kupimwa kwa nyuma kutoka ncha ya mfupa mmoja hadi ncha ya mwingine, inchi 18. Kifua inchi 39 na nusu. Kiuno 35. Mkono, kutoka ncha ya bega hadi pale kifundo cha mkono kinapoanza, 24 na nusu.

Halafu akalaza kila koti juu ya meza likiwa limefungwa kifungo, akapima nguo yenyewe. Koti la 40 lilikuwa na mabega ya inchi 18 na robo. Kiunoni, pale penye kifungo cha juu, lilikuwa na inchi 20 likiwa limelala, yaani 40 kuzunguka. Mikono ilikuwa inchi 25 na nusu. Koti la 44 lilikuwa na mabega ya inchi 19 na robo, na mikono ya 26.

Namba iliyo kwenye lebo inatosha kukuambia mengi hata kabla ya tepu, ukijua inavyopanda. Kila namba ya suti, kwa mfano kutoka 40 hadi 42, huongeza inchi 2 kifuani na takriban nusu inchi mabegani. Mikono na urefu wa koti huongezeka kidogo tu. Kwa hiyo mtu anayeruka kutoka 40 hadi 44 hajaongeza "kidogo". Ameongeza inchi 4 za kifua na inchi nzima ya mabega. Kiuno cha suruali nacho hupanda: suti ya 40 kwa kawaida huja na suruali ya 34, na ya 44 huja na ya 38.

Lebo za bara Ulaya husumbua watu sokoni, hivyo tuliseme hili haraka. Ukiona 50, toa 10, hiyo ni 40. Ukiona 25 kwenye suti ya Kijerumani, usidhani ni ya mtoto. Ni 50 ile ile ya kifua, ila imekatwa fupi mwilini na mikononi kwa ajili ya mtu mfupi. Ukiona 98, hiyo ni 50 ya mtu mrefu mwembamba. Mtu mfupi wa mwili wa 40 akipata 25 ameokoa kazi mbili za fundi bila kulipa chochote.

Bega: mahali pesa inapokwenda

Suti ya 44 ilikuwa imezidi mabega ya mwalimu kwa inchi moja na robo, yaani zaidi kidogo ya nusu inchi kila upande. Inasikika kama kitu kidogo. Hii ndiyo kazi ambayo ingefanyika.

Fundi angefumua bitana eneo la kwapa na bega, kisha angetoa mkono mzima kwenye koti. Ndani ya bega kuna pedi, na kuna utepe mnene wa pamba unaokaa ndani ya kichwa cha mkono ili kisibonyee. Vyote viwili vingetoka. Angechora mstari mpya wa bega kwa chaki, kisha akate upya tundu la mkono, kulia na kushoto, ziwe sawa kabisa. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Kichwa cha mkono wa koti hukatwa kikubwa kuliko tundu kinapoingia, kwa inchi moja hadi mbili, na ziada hiyo husambazwa kwa sindano ya mkono, kupigwa bandi, yaani kushikwa kwa mshono wa muda, kisha kupigwa pasi ya mvuke mpaka ijikunje ndani bila kuonekana. Ukikata tundu upya umebadilisha mzunguko wake, na mkono wa zamani hautaingia vile ulivyoingia kiwandani. Inabidi nao urekebishwe. Baada ya hapo pedi inarudi ikiwa imepunguzwa, utepe unarudi, bitana inafungwa kwa mkono.

Ni kazi ya siku nzima kwa fundi anayejua, na mafundi wanaoijua vizuri si wengi. Ikiharibika utaiona papo hapo: vikunyazi vidogo juu ya bega pale mkono unapoanzia, au mkono unaoning'inia ukielekea nyuma hata ukisimama wima, au bega moja limeinuka kuliko la pili. Hayo hayafichiki hata kwa pasi. Na tundu likishakatwa hakuna kurudi nyuma.

Kuna jambo la pili ambalo wanunuzi hulisahau. Kupunguza bega hakupunguzi kifua. Ukivuta mabega ya koti la 44 ndani, kile kitambaa kigumu cha kifuani, ambacho katika makoti mengi ya kiwandani hubandikwa kwa gundi na pasi, kinabaki cha mtu wa inchi 44. Utaona koti limekaa vizuri juu halafu linatuna mbele ya kwapa, kama kwamba kuna kitu kimewekwa mfukoni. Ndiyo maana mafundi wengi hukataa kupunguza zaidi ya nusu inchi kila upande, na wanaokubali hutaja bei ya kukufukuza. Fundi wa mwalimu aliitisha 1,500 kwa mabega peke yake, na akasema wazi kwamba angependa asiifanye.

Koti lenyewe pia lilikuwa refu kwa karibu inchi moja. Urefu wa koti haupunguzwi hivi hivi. Mifuko na kifungo cha chini vimepangwa kulingana na pindo, na ile mviringo ya mbele imekatwa pamoja na kitambaa kigumu cha ndani. Ukikata nusu inchi inaweza kupita. Ukikata inchi nzima, mifuko inaanza kuonekana imeshuka karibu na pindo. Hiyo inchi ingebaki.

Hesabu ya 44 ilikwenda hivi: mabega 1,500, ubavu 600 kwa sababu ni inchi nyingi, mikono 300, suruali kiunoni na mapajani 600, pindo za suruali 100. Jumla ya fundi shilingi 3,100, juu ya 1,200 za suti. Shilingi 4,300, na bado koti refu lenye kifua cha mtu mwingine. Bei za mafundi hutofautiana kibanda hadi kibanda, na za mjini Nakuru si lazima ziwe za Kisumu, lakini uwiano haubadiliki sana: bega huwa mara kadhaa ya bei ya ubavu.

Suti ya 40 na kasoro zake nne

Watu huona nguo yenye kasoro nne na kuiogopa kuliko yenye kasoro moja. Suti ya nevi bluu ilikuwa na nne: mikono mirefu kwa inchi moja, koti limelegea kiunoni, suruali inabana kiunoni kwa inchi moja, na miguu ya suruali mirefu. Ila zote nne ziko mahali ambapo fundi anafika bila kuvunja umbo la nguo.

Kiuno cha koti kwanza. Inchi 40 kwa mtu wa kiuno cha 35 ni nafasi ya inchi 5, na hiyo hufanya koti lionekane kama gunia kwa nyuma. Nafasi ya inchi 3 na nusu inatosha mtu akae na kula pilau bila kufungua kifungo. Kwa hiyo ilipaswa kutoka inchi moja na nusu. Koti hili lilikuwa na mshono wa katikati ya mgongo na mishono miwili ya ubavu, na fundi aligawa: nusu inchi kwa kila mshono. Nusu inchi kwenye mshono maana yake ni kuingia robo kila upande wa uzi, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Kazi ni kufungua bitana pale pindoni, kugeuza koti ndani nje, kushona mstari mpya unaoanza taratibu chini ya kwapa, unaingia zaidi kiunoni, kisha unarudi kwenye mstari wa zamani kabla ya kufika penye mpasuo. Ukiendelea kuingia mpaka kwenye mpasuo wa nyuma, utafunguka wenyewe mtu akisimama, na watu wataona bitana.

Mwisho wa kazi hii ni kama inchi 2 hivi kwa jumla. Ukivuka hapo, mifuko ya mbele inaanza kuhamia ubavuni. Kwa koti la 44 zingehitajika zaidi ya hizo, na ndiyo sababu hata ubavu wake uliitishwa karibu mara mbili. Jambo moja la kumwambia fundi kwa mdomo: asikate kitambaa kilichobaki ndani. Kikae. Mwalimu akinenepa baada ya miaka 2 kitatoka tena.

Mikono ilitegemea kitu kimoja kidogo, na hapa inafaa mnunuzi asogeze jicho karibu. Shika mwisho wa mkono wa koti na ujaribu kukifungua kifungo. Ikiwa vifungo vimeshonwa juu tu na hakuna matundu ya kweli, mkono unapunguzwa kwa chini: fundi anatoa vifungo, anakunja pindo upya, anarudisha bitana ikiwa na ulegevu kidogo isivute, kisha anapandisha vifungo. Lazima vipande. Kwa kawaida kifungo cha mwisho hukaa kama inchi moja na robo kutoka pindoni, kwa hiyo ukitoa inchi moja na kukiacha pale pale kitakuwa kinaning'inia ukingoni. Lakini ikiwa matundu yamekatwa kweli na kifungo kinafunguka, matundu hayo hayahamishiki. Hapo mkono itabidi upunguzwe kwa juu, begani, na umerudi kwenye ile kazi ya siku nzima. Suti mbili zinazofanana, moja kazi ya 300, nyingine kazi ya zaidi ya 1,000, kwa sababu ya matundu manne ya vifungo. Vifungo vya nevi bluu vilikuwa vya pambo tu.

Suruali ndiyo iliyomtia mwalimu wasiwasi, maana ilibana, na alikuwa ameshaambiwa kwamba ndogo haina dawa. Kwa suruali ya suti ya kiume dawa ipo, na iko katikati ya mgongo. Igeuze ndani nje uangalie mshono unaoshuka kutoka kiunoni kuelekea msambani. Suruali nyingi za suti huachwa na kitambaa cha akiba hapo, kipana juu na chembamba kadiri kinavyoshuka. Pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa kitambaa. Hii ilikuwa na inchi moja kila upande. Inabidi ubakishe karibu robo tatu ya nusu inchi ili mshono usifumuke, hivyo kilichoweza kutoka ni zaidi kidogo ya nusu inchi kila upande, jumla inchi moja na robo. Mwalimu alihitaji inchi moja. Ilitosha, lakini kwa kubana matumizi, na kama angehitaji 2 suti hii ingekuwa imeshindikana pia.

Usisahau kuangalia kama bendi ya kiuno nayo ina mshono na akiba katikati ya nyuma. Ya suti huwa nayo. Ya jinzi huwa kipande kimoja kinachozunguka, na ndiyo maana kuongeza kiuno cha jinzi ni kazi ya viraka, na kukipunguza vizuri ni lazima bendi ifumuliwe na lupu zihamishwe.

Kuna hatari moja katika kutoa kitambaa cha ndani. Kile kilichokuwa kimejificha hakijapigwa na jua wala kufuliwa sana kama cha nje. Linganisha rangi ya akiba na ya nje mahali penye mwanga, si chini ya turubai la buluu la kibanda, linalobadilisha kila rangi. Kisha tazama uzi wa zamani. Kwenye sufu, matundu ya sindano hujifunga kwa mvuke wa pasi. Kwenye polista tupu matundu hubaki, na utakuwa na mstari wa vitone katikati ya makalio. Suti hii ilikuwa mchanganyiko, rangi zilikuwa sawa, na mstari uliobaki baada ya pasi ulikuwa hafifu na umefichwa na koti.

Hesabu: mikono 300, ubavu 350, kiuno cha suruali 200, pindo 100. Jumla ya fundi 950. Pamoja na 1,800 ni shilingi 2,750. Mwalimu alibaki na 250, akanunua tai.

Kupima bila kioo

Fundi hawezi kuitwa sokoni kila mara, na vibanda vingi havina kioo. Bega linaweza kupimwa bila vyote viwili. Vaa koti, funga kifungo, simama ubavu wako ukitazama ukuta au nguzo ya kibanda, kisha egemea polepole. Kama sehemu ya juu ya mkono wako inagusa nguzo pamoja na ukingo wa bega la koti, bega limekufaa. Kama pedi inagusa na kubonyea kwanza kabla mkono wako haujafika, koti ni kubwa mabegani, na hilo ndilo kubwa ambalo fundi hatakusaidia. Fanya pande zote mbili, maana wengi wetu bega moja limeshuka kuliko la pili.

Fanya hivyo ukiwa na shati la mikono mirefu. Anayejaribu suti juu ya fulana hununua koti ambalo litambana siku ya harusi.

Shingoni nako papitishe kidole. Kola ya koti inapaswa kulala juu ya kola ya shati. Ikiwa imeachana nayo kwa nyuma, hata mabega yakiwa sawa, tatizo ni usawa wa koti na mgongo wako. Kulirekebisha ni kutoa kola na kuishona upya, kazi ghali. Iache.

Pale namba kubwa inapofaa

Haya yote hayana maana kwamba namba ya chini ndiyo bora siku zote. Mwalimu alijaribu pia koti la 38 lililokuwa limebanwa kisasa, na lilimkaa vizuri mabegani likaanza kuchora herufi X kwenye kifungo. Mishono ya ubavu wa makoti ya siku hizi huachwa na akiba ndogo sana, hivyo kifua kinachobana hakina pa kutokea. Hapo muuzaji alikuwa na haki.

Mtu mwenye kitambi ana tatizo la pekee. Mabega yake ni ya 40, lakini kifungo cha 40 hakifungi. Huyu apande namba moja, achukue 42, avumilie robo inchi ya ziada kila bega, ambayo pedi huibeba bila kelele. Asipande mbili. Ikiwa 42 nayo haifungi, aridhike kuivaa wazi au amwendee fundi ashonewe mpya, maana 44 begani itamfanya aonekane amevaa la kaka yake.

Kwa suruali, mahali pa kulinganisha namba ni paja, makalio na kina kutoka kiunoni hadi msambani. Kina hicho hakiongezeki kwa namna yoyote, kitambaa hakipo. Mwenye mapaja manene anunue suruali inayopita mapajani bila kukwama, hata kama kiuno kimezidi kwa inchi 2, kwa sababu kiuno ndicho cha bei rahisi. Inchi 2 ndiyo mpaka. Suruali ya 44 ilizidi kwa 3, na mifuko yake ya nyuma ilikuwa imeachana kwa inchi 4. Ukivuta inchi 3 katikati, mifuko ingebaki imeachana kwa inchi moja, na mshono wa ubavu ungehamia nyuma.

Gauni hufuata mkondo huo huo, ila bega hushirikiana na kifua. Gauni likikaa vizuri mabegani na kifuani, kiuno na makalio hupunguzwa ubavuni kwa bei nafuu. Likilegea kifuani, dati, ile mikunjo iliyoshonwa kuipa nguo umbo, zinahamishwa, kwapa zinaguswa, na kama lina bitana kila kazi inafanywa mara mbili. Zipu ikiwa ubavuni, upande huo uongeze kwenye bei. Pindo la kawaida ni kazi ndogo, lakini pindo lenye lesi au shanga hutolewa na kurudishwa kwa mkono, na gauni la harusi lenye tabaka 3 lina pindo 3. Shati la kiume lichaguliwe kwa kola tu. Ubavu wake ni mstari mmoja wa cherehani kila upande, kola yake haiguswi.

Mpangilio wa kazi

Suti ya nevi bluu ilisafishwa kwanza, kwa sababu nguo ya mtumba haijulikani ilipitia nini, na kitambaa kikisinyaa baada ya kushonwa, vipimo vyote vimepotea. Kisha ubavu wa koti ukapigwa bandi na kujaribiwa kabla ya cherehani. Mikono ikafuata, mwalimu akiwa ameangusha mikono na shati likitokeza nusu inchi.

Suruali ilianza na kiuno, pindo zikawekwa alama siku nyingine. Kiuno kikiongezwa, suruali hushuka kidogo inapokaa, na pindo lililopimwa kabla ya hapo hutoka refu. Mwalimu alikuja kupimwa na viatu vyenyewe vya harusi, vyenye kisigino cha inchi moja, si na ndara alizokuja nazo mara ya kwanza. Fundi alikunja ndani inchi 2 za kitambaa badala ya kukata, kwa kuwa suruali ilikuwa imeshafunguliwa kiunoni karibu mpaka mwisho wa akiba yake, na urefu ndio mahali pekee palipobaki pa kurekebisha.